Orodha ya Mkaguzi: Kila Karatasi na Tarehe Yake

Kampuni ya Tanzania inayofunga mwaka wake wa hesabu tarehe 31 Desemba ina miezi 6 ya kuwasilisha ritani yake ya kodi ya mapato kwa TRA. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Miezi 6 ni mingi kwa mtu anayeihesabu akiwa Januari, ila kila mwaka ifikapo Juni ofisi za wakaguzi wa hesabu hujaa watu wenye mifuko ya rambo iliyosheheni risiti, na kila mmoja anataka kazi yake iishe Ijumaa. Mara nyingi ukaguzi wenyewe ulihitaji wiki 2 tu. Miezi iliyobaki iliishia kwenye simu za kuulizia karatasi.

Chombo cha kuzuia hali hiyo ni orodha ambayo mkaguzi humpa mteja kabla ya kazi kuanza, ikitaja nyaraka na taarifa zinazotakiwa, nani azilete na lini. Wenye maduka wengi huipokea, huitazama mara moja, kisha huiweka chini ya kalkuleta. Siwalaumu sana, maana orodha nyingi zimeandikwa vibaya. Nimewahi kuona duka la saruji na nondo likidaiwa mikataba ya mirabaha, kwa sababu aliyeandika orodha aliichukua ya mteja mwingine akabadilisha jina juu. Mteja akishaona mistari mitatu isiyomhusu, anakata kauli kwamba na mingine yote ni porojo.

Tuchukue kampuni moja ya mfano, tuifuate hadi mwisho. Inauza vifaa vya ujenzi Morogoro, ina maduka mawili na stoo moja, gari moja la kusambazia mizigo, akaunti mbili za benki na namba za malipo kwa simu. Mwaka wake unaisha 31 Desemba 2025. Mkaguzi anataka kuingia dukani Jumatatu tarehe 4 Mei 2026, akae hapo wiki 2, kisha ripoti isainiwe Ijumaa tarehe 12 Juni. Hivyo zinabaki wiki mbili na ushee za kujaza ritani na kutafuta fedha ya kulipa kodi itakayobaki.

Kosa ambalo mkaguzi asiye makini hulifanya hapa ni kuandika juu ya orodha: "Nyaraka zote zifike kabla ya 4 Mei." Tarehe moja kwa vitu vyote. Mteja anaisoma hivi: nina muda hadi Mei. Kumbe miongoni mwa vitu hivyo kuna kimoja kisichopatikana tena baada ya usiku wa 31 Desemba, na vingine viko mikononi mwa watu ambao mteja hawezi kuwaamrisha. Kwa hiyo kila mstari unastahili tarehe yake, na tarehe hiyo hupangwa kwa maswali mawili. Je, kitu hiki kinachukua muda gani kupatikana? Na ni kazi gani itasimama kisipokuwepo?

Kisichopatikana tena ni kuhesabu mali iliyopo stoo. Kwa duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati na rangi ndizo mali kubwa kuliko zote, na viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinamtaka mkaguzi ahudhurie uhesabuji pale ambapo mali hiyo ni kubwa kiasi cha kuathiri hesabu. Hawezi kuhudhuria jambo asilolijua. Ndiyo maana kwenye mfano wetu orodha inatoka mapema, Jumatatu tarehe 10 Novemba 2025, na mstari wa kwanza unadai mpango wa kuhesabu: stoo zipi, siku gani, saa ngapi mauzo yatasimama, nani anahesabu na nani anaandika. Tarehe yake ni Ijumaa, 12 Desemba. Mkaguzi akiupata mpango huo, anamtuma kijana wake Jumatano ya 31 Desemba akasimame stoo na karatasi yake.

Siku hiyo ikipita bila kuhesabu, bado kuna njia, ila ina gharama. Tuseme wamehesabu tarehe 17 Januari wakakuta mifuko 310 ya saruji. Tangu mwaka uanze wameuza mifuko 540 na wamepokea 600. Basi ya 31 Desemba inatafutwa kwa kurudi nyuma: 310, jumlisha 540 iliyotoka, toa 600 iliyoingia, inabaki 250. Kwa saruji peke yake ni rahisi. Lakini duka lina bidhaa mamia, na kila moja inahitaji risiti zote za mauzo na manunuzi za siku hizo 17 ziwe kamili. Risiti chache zikikosekana, namba ya mwisho wa mwaka inakuwa ya kubahatisha, na mkaguzi anaweza kulazimika kuandika kwenye ripoti kwamba hakuridhika na mali hiyo. Benki inayosoma ripoti ya namna hiyo inapofikiria mkopo haiipiti kimya kimya.

Kundi la pili ni vitu vilivyo mikononi mwa wengine. Hapo ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kwanza benki. Wateja wengi wanadhani wakishaleta taarifa ya benki, habari ya benki imekwisha. Taarifa hiyo ni muhimu, lakini imepita mikononi mwa mteja. Kwa kawaida mkaguzi anataka pia uthibitisho unaotoka benki moja kwa moja hadi kwake: salio la kila akaunti tarehe 31 Desemba, mikopo iliyopo, dhamana zilizowekwa. Benki haitatoa siri za mteja bila idhini ya mteja, hivyo barua lazima isainiwe na watu walewale waliosajiliwa kusaini akaunti. Mkurugenzi mmoja akiwa safarini Guangzhou kununua mzigo, barua inamsubiri. Kwenye orodha yetu mstari huo hausemi "uthibitisho wa benki", kwa sababu huo hauletwi na mteja. Unasema "barua ya idhini kwa benki, imesainiwa na wasaini wote wa akaunti", na tarehe ni Ijumaa, 16 Januari. Tangu siku hiyo mzigo wa kufuatilia benki ni wa mkaguzi.

Pili, wateja wa mkopo. Duka hili lina mafundi na makandarasi waliochukua mabati wakaahidi kulipa. Mkaguzi anataka orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja mwisho wa mwaka, achague wachache wenye madeni makubwa, awaandikie wathibitishe. Kandarasi akiandikiwa Aprili atajibu Juni, kama atajibu. Hivyo orodha ya wadaiwa inatakiwa Ijumaa tarehe 20 Februari, ili barua zitoke mwezi huo huo na majibu yapewe hadi mwisho wa Machi.

Tatu, vyeti vya kodi ya zuio, ambavyo hugusa mfuko wa mteja mwenyewe. Duka letu liliiuzia halmashauri saruji na nondo za shilingi milioni 45. Serikali inaponunua bidhaa hukata asilimia 2 na kuipeleka TRA, hivyo halmashauri ilizuia shilingi 900,000. Fedha hiyo ni kodi ya duka iliyolipwa mapema, na inapunguzwa kwenye kodi ya mwaka. Lakini inapunguzwa kwa cheti. Bila cheti, duka linaonekana kana kwamba halikulipa chochote, na linailipa ile 900,000 mara ya pili. Mhasibu wa halmashauri ana wasambazaji wengi, anaweza kuhamishwa kituo, anaweza kuwa likizo. Mstari huu umepewa hadi tarehe 27 Machi, lakini umeandikwa maneno ya ziada: "anza kuomba Januari." Tarehe ya mwisho peke yake haitoshi kwa kitu kinachohitaji kufuatiliwa miezi miwili.

Kinachobaki ni nyaraka zilizo mikononi mwa mteja mwenyewe. Hapa shida ni maneno ya orodha. Ukiandika "taarifa za benki", utaletewa picha tano za skrini ya simu, nyingine zikiwa na kidole pembeni. Na aliyeleta hajakosea, kwa kuwa ametekeleza alichoombwa. Mstari unaofaa unataja kitu, kipindi, umbo lake, mwenye kukileta na siku. Hivi ndivyo sehemu ya orodha ya duka letu ingesomeka:

1. Taarifa kamili ya benki, akaunti ya shilingi na ya dola, 1 Januari 2025 hadi 31 Januari 2026, faili la PDF kutoka benki. Mleta: mhasibu. Mwisho: 13 Februari 2026.

2. Taarifa ya miamala ya lipa namba zote, pamoja na namba binafsi yoyote iliyopokea malipo ya duka, kipindi hicho hicho. Mleta: mkurugenzi. Mwisho: 13 Februari.

3. Ripoti za Z za mashine za EFD za maduka yote mawili, 1 Januari hadi 31 Desemba 2025, zimepangwa kwa tarehe, na nakala iliyopigwa fotokopi au skani. Mleta: wasimamizi wa maduka. Mwisho: 27 Februari.

4. Mkataba wa mkopo wa gari, ratiba ya marejesho na nakala ya kadi ya gari. Mleta: mkurugenzi. Mwisho: 13 Machi.

5. Mikataba ya pango ya maduka na stoo, pamoja na uthibitisho wa kodi ya zuio ya asilimia 10 iliyokatwa kwa kila malipo ya pango. Mleta: mhasibu. Mwisho: 13 Machi.

6. Urari wa 31 Desemba 2025, yaani jedwali la salio la kila akaunti ya leja, kwenye faili la jedwali na siyo picha. Mleta: mhasibu. Mwisho: 17 Aprili.

Msomaji makini atauliza kwa nini taarifa ya benki inavuka hadi mwisho wa Januari wakati mwaka umekwisha Desemba. Hundi iliyoandikwa tarehe 29 Desemba huenda ikapita benki tarehe 9 Januari. Kandarasi aliyekuwa akidaiwa Desemba huenda akalipa Januari, na malipo hayo ni ushahidi mzuri kwamba deni lilikuwa la kweli. Mkaguzi asipoomba mwezi huo tangu mwanzo, atauomba Mei, na mhasibu atasema kwa haki yake: "Mkaguzi, si nilishakuletea taarifa za benki?" Ndiyo maana pia tarehe ya mstari wa kwanza ni katikati ya Februari, maana kabla ya Februari Januari yenyewe haijaisha.

Ule mstari wa pili ndio unaoleta mabishano. Wenye biashara wengi hupokea malipo kwenye namba zao wenyewe, mauzo yakichanganyika na ada za watoto na michango ya harusi. Wakiambiwa waoneshe taarifa ya namba hiyo, wanahisi wanavuliwa nguo. Wana haki ya kuuliza, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zisizidi mahitaji. Kwa maoni yangu jibu la haki ni kukaa pamoja: mkurugenzi na mhasibu wake waweke alama kwenye miamala ya duka, mkaguzi aone jumla na achague ya kupima. Lakini kuificha namba hiyo kabisa hakusaidii. Mzigo ulionunuliwa na kuuzwa utaonekana umetoka stoo, na fedha yake haitaonekana benki.

Kuhusu ripoti za Z, kuna jambo dogo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Karatasi ya EFD huchapishwa kwa joto, siyo kwa wino. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au karibu na dirisha la bati la Morogoro, baada ya miezi kadhaa maandishi yanafifia hadi unabaki na karatasi nyeupe. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Karatasi hiyo haifiki huko yenyewe, na ndiyo sababu ya fotokopi.

Sasa nyaraka zimefika. Kufika siyo kukamilika, na hapa nawalaumu wenzangu wa upande wa ukaguzi: tunapokea bahasha, tunaweka tiki, tunaifungua Mei. Kila mstari upimwe ndani ya siku chache tangu ufike, wakati mteja bado anakumbuka alichotuma. Vipimo vyenyewe ni vyepesi. Kwenye taarifa ya benki, salio la mwisho la ukurasa mmoja lazima liwe salio la kuanzia la ukurasa unaofuata. Likiruka, ukurasa umepotea. Ripoti za Z zina namba zinazofuatana, kwa hiyo baada ya 214 unatarajia 215. Ukikuta 221, kuna siku zimekosekana, na unauliza kama mashine ilikuwa mbovu na kama fundi wake aliitwa. Mauzo ya mwezi kwenye ripoti za Z yalinganishwe na ritani ya VAT ya mwezi huo, ambayo hupelekwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zikitofautiana, ni afadhali kujua Machi kuliko kujua kutoka kwa ofisa wa kodi.

Orodha nzuri pia humruhusu mteja kusema hapana. Kando ya kila mstari ziwepo nafasi tatu za kujaza: imeletwa, haihusiki, haipo. Hizi mbili za mwisho hazifanani. "Haihusiki" maana yake kampuni haina mkopo wa gari, mstari ufutwe. "Haipo" maana yake mkopo upo ila mkataba umepotea, na hapo mkaguzi anajua mapema kwamba atafute nakala kwa mkopeshaji. Mteja asipopewa nafasi ya kusema "haipo", atanyamaza, na ukimya wake utasomwa kama "naleta kesho". Mfano wa kawaida ni fedha ambayo mkurugenzi aliiingiza mwenyewe dukani wakati hali ilipokuwa ngumu. Karatasi haipo kwa kuwa haikuwahi kuandikwa. Isiandikwe sasa na kurudishwa tarehe nyuma, maana huko ni kughushi. Iandikwe kwa tarehe ya leo, ikieleza fedha iliingia lini na kiasi gani, na taarifa ya benki iambatishwe kuonesha ilivyoingia.

Tarehe zenyewe zipangwe na kalenda ya ukutani mkononi. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na kesho yake tarehe 7 ni Siku ya Karume. Siku tano mfululizo ofisi za serikali zimefungwa. Sikukuu ya Idi el-Fitri inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, kutegemea mwezi kuandama, na 31 Machi ndiyo siku ya mwisho ya awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio, siku ambayo mhasibu wa duka hana nafasi hata ya kunywa chai. Mkaguzi aliyeweka tarehe ya urari wiki hiyo ameweka tarehe ya kuvunjwa. Ndiyo maana urari wetu umesogea hadi 17 Aprili.

Wiki moja baadaye, Ijumaa ya 24 Aprili, mkaguzi anaamua kama anaingia au haingii. Siyo lazima kila mstari uwe na tiki. Mkataba wa pango unaweza kufika kazi ikiendelea, na hata kopi ya kadi ya gari. Lakini vitu vitatu vikikosekana, kuingia ni kupoteza siku: urari, taarifa kamili za benki, na karatasi za kuhesabia mali. Bila urari hakuna cha kukagua. Jambo hili liandikwe kwenye barua ya makubaliano ya kazi tangu mwanzo, pamoja na athari yake: vitatu hivyo visipokuwepo tarehe 24, safari inaahirishwa, na timu inapewa mteja mwingine hadi nafasi itakapopatikana. Wateja wengine huona huo ni ukali. Mimi nauona ni uungwana, kwa kuwa vijana wawili wa ukaguzi wanaokaa dukani siku nne wakisubiri mhasibu amalize leja lazima walipwe, na bili hiyo mwishowe inamfuata mwenye duka.

Mwisho, orodha iende kwa watu wawili, mhasibu na mkurugenzi, na kila Ijumaa mkaguzi atume mistari iliyobaki tu, siyo orodha nzima upya. Mkurugenzi akiona kwamba mistari mitatu iliyobaki ina jina lake kwenye nafasi ya mleta, hatamgombeza mhasibu.

Kama kampuni yako inafunga mwaka Desemba na mkaguzi wako hajakuletea orodha kufikia Oktoba, mpigie umwombe. Ikifika, kaa na mhasibu wako jioni moja, fute yasiyokuhusu, tieni alama ya "haipo" panapostahili, kisha mrudishieni ndani ya wiki hiyo hiyo mkiwa mmeandika siku mtakayohesabu stoo.